Maji ya Kuogea Yasilale

Nyuma ya nyumba nyingi za zamani za pwani, pale bomba la bafu linapotokeza ukutani, huwa pana kichaka cha migomba. Hakuna aliyechora ramani yake. Mtu aliona maji yanamwagika pale, akachomeka chipukizi, na migomba ikabaki kijani hata pale nyasi za kiwanja kizima zilipokauka. Nililelewa katika nyumba ya namna hiyo, na nilipokuja kujenga Dodoma, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, nilitamani migomba ile ile nyuma ya bafu langu. Ndipo nilipogundua kwamba ujenzi wa siku hizi umeifunga njia hiyo. Mabomba yote yanaunganishwa chini ya sakafu kabla zege halijamwagwa, na maji ya kunawa mikono yanaondoka pamoja na kinyesi kupitia bomba moja.

Maji yanayotoka kwenye bafu na beseni la kunawia huitwa maji ya kijivu, kwa rangi yake ya sabuni, na ili yatofautishwe na maji ya chooni, ambayo wahandisi huyaita maji meusi. Ya kufulia pia huhesabiwa kuwa ya kijivu. Ya jikoni ni mgogoro: yana mafuta yanayoganda ndani ya bomba na mabaki ya chakula yanayooza upesi, na mimi nawashauri watu wayaache yaende kwenye shimo la maji machafu kama kawaida. Bafu na beseni peke yake vinatosha kwa kuanzia.

Kabla ya kugusa bomba lolote, kuna tabia moja ya maji haya ambayo mtu lazima aijue. Hayawekeki. Yanapotoka bafuni yana harufu ya sabuni tu, lakini ndani yake kuna jasho, ngozi, nywele, mafuta ya mwili na chembechembe za kinyesi zisizoonekana. Hivyo vyote ni chakula cha bakteria. Ndani ya saa chache wanaanza kuzaliana, wanaimaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini, na siku ya pili maji yananuka kama yai viza. Jaza ndoo moja ya maji ya kuogea, ifunike, ifungue kesho jioni, utaelewa kwa pua kuliko nitakavyoeleza kwa kalamu. Kwa hiyo kanuni inayofuatwa duniani kote ni kwamba maji ya kijivu yasiyosafishwa yasikae zaidi ya saa 24. Mtu anayefikiria kununua tenki kubwa ili ayakusanye kwa ajili ya kiangazi ameanza kwa mguu mbaya. Maji haya yanapitishwa, na ghala lake ni udongo.

Sasa nieleze nyumba yenyewe. Tuko watu watano, na mabafu yanayotumika kwa siku, ukihesabu wale wanaooga asubuhi na jioni, ni kama saba. Kila bafu ni ndoo moja ya lita 20, au kiasi hicho hicho kikipita kwenye bomba la mvua kwa dakika mbili hivi. Hiyo ni lita 140. Beseni la kunawia, kwa mikono na kupiga mswaki, linaongeza kama lita 30. Jumla ni lita 170 kila siku, na hazipungui mwezi wa Septemba wakati mawingu hayaonekani.

Fundi bomba alipokuja alikuwa tayari ana picha yake kichwani: bomba la inchi 4 kutoka chooni, bafu na beseni vinaingia humo humo kwa tii, kisha moja kwa moja hadi kwenye shimo. Nilipomwambia nataka bafu na beseni vitoke peke yake, aliniangalia kwa huruma. "Mama, hili bomba la choo lina nafasi ya kumwaga, unatupa hela bure." Hesabu tuliyofanya pale pale ilikuwa bomba mbili za inchi 2 na kona chache. Alikubali. Laiti ningemwita baada ya sakafu kukauka, kazi hiyo hiyo ingetaka nyundo, vigae vipya na siku nne za kukosa bafu.

Utenganishaji wenyewe ni rahisi kuueleza. Choo kinabaki na bomba lake la inchi 4 linalokwenda shimoni, na hakuna kitu kingine kinachoingia humo ndani ya nyumba. Bafu na beseni vina trepu zake, yaani zile kona zinazobakiza maji kidogo ili harufu isirudi ndani, kisha vinakutana kwenye bomba la inchi 2 ambalo linatoboa ukuta na kutokeza nje. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita. Ukiwa mdogo zaidi, nywele na utando wa sabuni vinatulia njiani. Fundi wangu alipima kwa mpira mwembamba wenye maji ndani, ule wanaotumia kupima usawa wa msingi, na hicho ni kipimo cha kuaminika kuliko jicho.

Nje ya ukuta, mita moja na nusu kutoka msingi, tulijenga chemba ndogo ya matofali, sentimita 30 kwa 30 ndani, yenye mfuniko wa zege unaobana. Hapa ndipo penye akili ya mfumo wote. Bomba kutoka bafuni linaingia juu kidogo, sentimita 20 kutoka chini. Kwenye sakafu ya chemba kuna matundu mawili yanayotazama juu: moja linakwenda bustanini, lingine linakwenda kwenye bomba la shimo. Katika tundu la shimo tumechomeka kipande cha bomba chenye urefu wa sentimita 15, kimesimama wima, hakikugundishwa. Maji yakiingia, yanaliona tundu la bustani kwanza na kuondoka. Bustani ikiziba, maji yanapanda ndani ya chemba mpaka kwenye mdomo wa kile kipande kilichosimama, na kutoka hapo yanashuka yenyewe shimoni. Hakuna bafu linalofurika, hata kama nimesafiri.

Nikitaka maji yote yaende shimoni, nafungua mfuniko, nachomoa kile kipande na kukihamishia kwenye tundu la bustani. Mafundi wengine hufunga valvu mbili badala ya matundu, moja kwa kila njia. Zinafanya kazi, lakini siku mtu atakapozifunga zote mbili kwa bahati mbaya maji yatarudi bafuni, na valvu isiyoguswa kwa mwaka mzima hukwama kwa sabuni.

Kuna mahali pamoja ambapo tulikosea. Njia ya kwenda shimoni inaungana na bomba la choo, na tulisahau kuweka trepu katikati. Wiki ya pili harufu ya shimo ikaanza kupanda ndani ya chemba. Tuliongeza trepu, na juu yake tukahakikisha kwamba kiungo kinaingia kwenye bomba la choo kwa juu, ili siku bomba hilo likiziba, maji ya choo yasiweze kurudi nyuma hadi bustanini. Lakini trepu isiyopata maji hukauka, kwa hiyo kila Jumamosi namwaga ndoo moja upande huo. Anayejenga chemba ya namna hii asiliache hilo, kwa sababu uvundo utamfanya ailaumu bustani isiyo na kosa.

Kutoka kwenye chemba, maji yanakwenda kwenye udongo, na udongo lazima uulizwe kwanza. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 pale unapotaka kupanda, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha jaza tena na upime kwa rula. Maji yakishuka sentimita 2 au 3 ndani ya saa moja, pako sawa. Ukikuta maji bado yapo kesho yake, huo ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, na bustani ya maji ya kijivu hapo itageuka dimbwi. Pwani kuna tatizo la kinyume: mchanga unanywa upesi kupita kiasi, na maeneo mengine ukichimba mita moja tu unakutana na maji ya ardhini. Mahali pa namna hiyo nasema wazi kwamba maji haya yaende shimoni. Vivyo hivyo kama kisima cha kunywa kipo karibu. Acha nafasi ya mita 30 kati yake na bustani hii.

Udongo wangu ni mwekundu, wenye mchanga kiasi, na ulipita mtihani. Swali lililofuata ni eneo. Katika kiangazi cha Dodoma, kila mita ya mraba ya bustani yenye majani mazuri hupoteza takriban lita 5 kwa siku kwa jua na upepo. Lita 170 ukizigawanya kwa 5 unapata mita za mraba 34. Nikizigawa kwa sehemu nne, kila moja inapata duara la upana wa mita 3 na kitu, yaani kivuli cha mti mmoja mzuri au kichaka cha migomba. Nilipanda vichaka viwili vya migomba, mwembe mmoja, na mipapai miwili iliyokaa pamoja.

Kugawa maji sawasawa kwa sehemu nne ndiko kulikonitoa jasho. Bomba la inchi 2 linagawanyika mara mbili kwa tii, kisha kila tawi linagawanyika tena. Hakuna pampu, hakuna matundu madogo ya kutobolewa kwa msumari, ambayo huziba kwa nywele ndani ya mwezi mmoja. Ila tii hiyo lazima ilale sawa kabisa kushoto na kulia. Mwezi wa kwanza mipapai ilikuwa inazama na mwembe ulikuwa unanyauka, na sikuelewa kwa nini. Tulifukua, tukaweka ndoo chini ya kila mdomo, tukamimina lita 20 kwenye chemba. Ndoo ya mipapai ilipata karibu nusu ya maji yote, ya mwembe haikufika kikombe. Tii moja ilikuwa imeinama kwa unene wa penseli. Tuliinyanyua, tukaikalisha juu ya tofali ili isititie, tukamimina tena na kupima tena, mpaka ndoo zote nne zilipokaribiana. Kipimo hicho cha ndoo kifanyike kabla mabomba hayajafukiwa. Sisi tulikifanya baadaye, na tukachimba mara mbili.

Kila mdomo unaishia kwenye mtaro uliopinda kuzunguka mti, chini ya ncha za matawi, mbali na shina, maana shina likiloweshwa kila siku huoza. Mtaro una kina cha sentimita 30 na upana wa 40, na umejazwa maranda ya seremala na maganda ya karanga. Mdomo wa bomba haukuzikwa ndani ya maranda. Umening'inia ndani ya ndoo kuukuu iliyokatwa kitako na kufunikwa, ukiwa sentimita 10 juu ya maranda, ili maji yaanguke hewani. Ukiuzika, mizizi itauona mlango na kuingia ndani ya bomba.

Hayo maranda yana kazi tatu kwa pamoja. Yananasa nywele na utando, yanawapa makazi vijidudu vya udongo vinavyomeng'enya uchafu, na yanayafunika maji yasionekane. Hilo la mwisho ni la afya. Mbu jamii ya kuleksi hupenda kutaga kwenye maji machafu yaliyotuama, na pwani ndio wanaoeneza matende. Kwa hiyo kipimo changu cha kila siku ni cha macho tu: nikiona maji juu ya maranda baada ya watu kuoga, kuna kitu kimeharibika, aidha maranda yameoza na kushikana au mgao umepotoka. Maranda huoza kwa mwaka mmoja hivi. Nayafukua kwa jembe nikiwa nimevaa glavu na viatu, nayafukia chini ya miti ile ile, na kuweka mapya.

Mboga sizipandi pale. Mchicha, matembele, karoti, nyanya zinazolala chini, chochote kinachogusana na udongo huo au kinacholiwa kibichi, kina bustani yake upande wa pili kwa maji safi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu matumizi salama ya maji machafu umejengwa juu ya wazo hilo hilo la kuweka vizuizi kati ya vijidudu na mdomo wa mtu. Tunda linaloning'inia mita mbili juu, maji yanayopita chini ya maranda, na mikono isiyoshika maji hayo ni vizuizi vitatu. Kunyunyizia maji haya kwa mpira hewani kunaviondoa vyote kwa mkupuo.

Zipo siku ninazohamisha kile kipande cha bomba bila kufikiri mara mbili: mtoto akiharisha, nepi zikifuliwa bafuni, mtu akipaka rangi nywele, bafu likisafishwa kwa dawa yenye klorini. Masika pia, kwa sababu udongo uliojaa mvua hauna pa kuweka lita 170 zaidi.

Mvua yenyewe ina faida nyingine. Sabuni nyingi, hasa za unga, zina chumvi ya sodiamu, na visima vingi vya huku tayari vina maji ya chumvi. Miezi saba ya kiangazi chumvi inajilimbikiza. Utaitambua kwa kingo za majani kuwa kahawia kama zimeunguzwa, ukoko mweupe juu ya udongo, na maji yanayoanza kuchelewa kunywewa, kwa sababu sodiamu inauvunja udongo na kuubana. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga niliyaondoa kabisa kwenye mfumo huu, na nimeepuka mlimau na mparachichi, miti isiyoistahimili chumvi. Mvua za Januari huisukuma chumvi chini, mradi wakati huo usiendelee kuongeza nyingine.

Watu huniuliza kwa nini sikuyapeleka chooni. Hesabu inashawishi kweli: choo cha kuvuta chenye tenki la lita 6, watu watano, mara nne kwa siku, ni lita 120 za maji safi zinazokwenda shimoni. Jibu langu ni kwamba tunayapeleka, kwa ndoo. Kuna beseni pana bafuni ambalo mtu husimama ndani yake anapooga, na maji yake humiminwa moja kwa moja kwenye bakuli la choo, kwa nguvu na kwa mara moja. Ndoo ya lita 6 inatosha. Kila anayemimina ananawa mikono baadaye. Hayawekwi kwenye tenki la choo, maana utando wa sabuni unakwamisha kifuniko cha mpira ndani yake, choo kinavuja usiku kucha, na harufu inahamia nyumbani.

Mfumo kamili wa bomba unataka chujio la nywele, tenki dogo linalotoshea matumizi ya siku moja tu, pampu, na klorini. Unataka pia maji safi ya kujazia tenki pale ya kijivu yanapopungua, na hapo ndipo hatari ilipo. Bomba la maji safi lisiunganishwe kamwe na tenki hilo, hata kwa valvu. Liishie hewani, angalau sentimita 5 juu ya mahali maji yanapofurikia, ili mgandamizo ukipungua kwenye bomba la mtaani lisiweze kunyonya maji machafu. Mabomba ya choo yapakwe rangi yake na kuandikwa. Huko Leidsche Rijn, mtaa mpya wa mji wa Utrecht nchini Uholanzi, mwaka 2001 bomba la maji ya daraja la pili, yaliyokusudiwa vyoo na kufulia, liliunganishwa kimakosa na la maji ya kunywa, na watu wakaugua tumbo. Hayo hayakuwa hata maji ya bafuni. Yalikuwa ya mto yaliyosafishwa nusu. Baada ya hapo serikali ya Uholanzi ilizuia miradi mikubwa ya mabomba pacha ya namna hiyo. Nchi yenye mafundi wenye leseni na ramani za kila bomba iliteleza. Nyumbani kwangu, fundi atakayekuja miaka kumi ijayo hatakuwa na ramani yoyote, na sitaki kuwaachia watoto mtego huo.

Mahali ninapoona bomba la namna hii lina maana ni penye watu wengi na mtu wa kulitunza kila siku: mabweni, hoteli, na misikiti. Maji ya udhu hayana sabuni wala mafuta, na yanatoka mara tano kwa siku. Nchini Oman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walijaribu kuyapitisha kwenye mchanga, kisha mkaa maalumu, kisha klorini, na kuyatumia kumwagilia bustani ya msikiti. Msikiti wowote wa bara unaohangaika na maji unaweza kuanza na njia ya bustani bila hata klorini, kwa chemba na mtaro kama nilivyoeleza.

Kwa mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, zunguka nyuma ukaangalie ukuta. Ukikuta bafu la nje, au beseni ambalo bomba lake linapita ukutani, umepata pa kuanzia bila kuvunja kigae. Na kama bado uko kwenye msingi, mwambie fundi leo aache bomba la inchi 2 la bafu na beseni litoke peke yake, hata kama mwisho wake kwa sasa ni kuingia shimoni kwa nje. Bustani unaweza kuichimba mwaka wowote. Bomba lililo chini ya zege ulipange kabla zege halijamwagwa.